Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuficha namba ndogo kabla ya kuapdeti dashibodi ya umma

Ukurasa huu ni wa watu wanaoshughulikia dashibodi za kaunti, hasa za afya, zile zinazoapdetiwa kila wiki ama kila mwezi na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua. Mfano unaorudi kila mahali hapa ni wagonjwa wa kifua kikuu Nairobi, lakini namba zote za mfano ni za kubuni, usizinukuu popote.

## Mambo ya kwanza

Majina na namba za kitambulisho tumeshatoa, sasa kuna haja gani tena ya kuficha namba ndogo?

Watu wengi wakisikia mambo ya kutambulika wanawazia haka mahali fulani na kompyuta tatu. Anayekutambua ni jirani. Chukua ploti ya vyumba 24, mfereji mmoja, lango moja, halafu dashibodi inasema wadi hiyo ina mgonjwa mmoja wa kifua kikuu sugu, mwanamke, miaka 60 na zaidi, aliandikishwa mwezi wa tatu. Keateka hahitaji jina. Anajua ni shosho yupi amekuwa akienda kliniki kila asubuhi tangu mwezi wa tatu, na alichokuwa hajui ni ugonjwa gani tu, sasa hicho ndicho mmemwambia.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo haisemi utoe jina halafu umemaliza. Inataka mtu asiweze kutambulika tena, na habari za afya imeziweka kwenye data nyeti. Safu isiyo na jina lakini yenye "1" kwenye wadi, jinsia, umri na mwezi bado haijafika hapo.

Namba "ndogo" ni ngapi hasa?

Sheria yetu haitaji namba. Ni nyinyi mnaamua, mnaandika, na mnaitumia hiyo hiyo kila wakati. Kwa kulinganisha tu, CMS ya Marekani, ile inayosimamia Medicare, haikubali seli, yaani kisanduku kimoja cha jedwali, yenye 1 hadi 10 ionekane, na NHS ya Uingereza kwenye takwimu za kulazwa hospitali huficha 1 hadi 7 halafu zinazobaki zinakadiriwa hadi 5 iliyo karibu. Kwa hivyo hakuna namba ya kimiujiza. Kwenye ukurasa huu tunatumia 10, yaani 1 hadi 9 zinafichwa.

Kitu kimoja tu ninachokisisitiza: kizingiti chagueni kabla ya kuangalia data. Mkishaona kwamba kwa 10 ramani inabaki na mashimo na kwa 5 inapendeza, bosi atachagua 5, hilo nimeliona zaidi ya mara moja.

Tunahesabu visiti ama watu?

Watu. Hapa ndipo kizingiti kinapigwa chenga bila mtu kujua, juu rejista nyingi ni za visiti, mgonjwa mmoja anarudi mara sita, wawili wanafanya 12, na 12 inapita kizingiti cha 10 vizuri kabisa wakati nyuma yake kuna binadamu wawili. Hesabu namba ya mgonjwa isiyojirudia:

```sql
SELECT wadi, robo,
       CASE WHEN COUNT(DISTINCT mgonjwa_id) < 10 THEN NULL
            ELSE COUNT(DISTINCT mgonjwa_id) END AS idadi
FROM wagonjwa
GROUP BY wadi, robo;
```

Kama ni lazima uonyeshe visiti, sawa, lakini kizingiti kiangalie watu walio nyuma ya hizo visiti. Na ujue hii kodi ni hatua ya kwanza tu, haitoshi, sababu iko kwenye swali la wadi moja hapo chini.

## Kuunganisha kwanza, kuficha baadaye

Mbona tusifiche tu kila seli iliyo chini ya 10 tuendelee na kazi?

Hebu piga hesabu. Nairobi ina wadi 85. Ukigawa kwa jinsia mbili, makundi sita ya umri na miezi 12 unapata seli 12,240. Tuseme una wagonjwa 3,000 kwa mwaka: hiyo ni kama robo mtu kwa kila seli. Ukificha chini ya 10 utaficha karibu kila kitu na hizo chache zitakazobaki zitakuwa rahisi kuchimba.

Sasa panda juu: kaunti ndogo 17 badala ya wadi, makundi matatu ya umri, robo mwaka badala ya mwezi. Seli 408, wastani wa watu 7 hivi kwa seli, na hapo bado uko chini ya kizingiti! Watu hushangaa hapa, wanadhani wamepunguza sana. Dawa ni kuacha kung'ang'ania jedwali moja linalojibu kila swali. Toa mawili: kaunti ndogo kwa robo mwaka bila umri wala jinsia, seli 68, wastani wa 44. Na lingine kaunti ndogo kwa jinsia na umri lakini kwa mwaka mzima, seli 102, wastani wa 29. Bado kutakuwa na seli ndogo, lakini sasa ni za kuhesabika na unaweza kuzishughulikia moja moja.

Mipaka ya makundi nayo ifanane kila mahali. Chati moja ikiwa na umri 15 hadi 24 na nyingine 15 hadi 19, mtu anatoa moja kwa nyingine anapata 20 hadi 24 ambayo wewe hukutaka kuitoa.

Ni wadi moja tu yenye namba ndogo, tukiificha hiyo pekee si basi?

La, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Angalia kaunti ndogo ya mfano yenye wadi tano:

| Wadi | Idadi halisi | Iliyotolewa |
|---|---|---|
| A | 46 | 46 |
| B | 31 | 31 |
| C | 3 | imefichwa |
| D | 22 | 22 |
| E | 18 | 18 |
| Jumla | 120 | 120 |

Mtu anajumlisha zinazoonekana anapata 117, anatoa kwa 120, amebaki na 3 mkononi. Hata mtoto wa gredi ya nne anaweza.

Kwa hivyo C inahitaji msindikizaji, yaani wadi ya pili inayofichwa ingawa yenyewe si ndogo. Kawaida unachukua inayofuata kwa udogo, hapa ni E. Sasa msomaji anajua C na E kwa pamoja ni 21 na hawezi kuzitenganisha. Zote mbili ziandike "imefichwa", alama moja. Ukiandika C "chini ya 10" na E "imefichwa" umeshamwonyesha ni ipi yenye kidonda.

Njia nyingine ni kuondoa jumla, ama kuikadiria, lakini jumla ya kaunti ndogo huwa iko kwenye ripoti nyingine, kwenye hotuba, kwenye gazeti. Usiihesabu kama siri.

## Siku ya kuapdeti

Wiki jana tulificha vizuri, wiki hii tukaficha vizuri. Mnasema bado kuna shida?

Ndiyo, na ndiyo sababu ya ukurasa huu kuwepo. Kila toleo linaweza kuwa safi peke yake, ukiyaweka mawili pamoja yanatapika.

Tuendelee na mfano ule ule. Namba ni za kujumlisha tangu Januari. Toleo la kwanza limeficha C na E. Toleo la pili, namba halisi ni A 46, B 31, C 4, D 22, E 25, jumla 128. Programu inaanza upya kama kwamba haijawahi kuona data hii, inaficha C, halafu inatafuta msindikizaji mdogo kuliko wote. Mara ya kwanza alikuwa E mwenye 18. Sasa E amefika 25, kwa hivyo inachukua D mwenye 22. E anaonekana, D amefichwa.

Msomaji afanye nini? 128 toa 46, toa 31, toa 25, anabaki na 26, hiyo ni C na D pamoja. Lakini D alionekana toleo lililopita akiwa 22, na namba ya kujumlisha kwa kawaida hairudi nyuma, kwa hivyo D ni 22 ama zaidi na C haiwezi kupita 4. Kificho kimepasuka na hakuna seli ndogo iliyowahi kuonekana kwenye skrini.

Sisi wenyewe tulipigwa hivi, sitasema ofisi gani. Aliyegundua ni mwanafunzi wa atachimenti, alikuwa na PDF mbili zilizochapishwa na kalkuleta ya simu, saa ya chai, akauliza tu kwa upole, "Kwani hii wadi iko na watu wanne?" Programu ilikuwa imepita majaribio yote, juu majaribio yote yalikuwa yanaangalia toleo moja moja.

Sasa tunazuia vipi hiyo ya msindikizaji kubadilika?

Msindikizaji anafungwa kwa kipindi kizima. Toleo la kwanza la mwaka likishachagua C na E, andika hiyo jozi kwenye faili, na kila apdeti inasoma faili kwanza. Jozi mpya zinaweza kuongezwa kama wadi nyingine imehitaji, lakini iliyofichwa haifunguliwi katikati ya mwaka, hata C akifika 10. Ndiyo, inaudhi, mtu wa wadi E atauliza mbona wadi yake haina namba na iko na wagonjwa wengi, mwambie ukweli tu kwamba inamkinga jirani.

Ukifungua C siku aliyofika 10 unatangaza zaidi ya hiyo 10. Wiki iliyopita msomaji alijua C na E jumla ni 34. Leo unaonyesha C 10 na E 25, jumla 35. Anajua kumeongezeka mmoja tu, kwa hivyo C wiki jana alikuwa 9 ama 10, na mgonjwa mpya yuko hapo kati. Fungua mwaka mpya ukianza na hesabu ikirudi sifuri, na usirudi nyuma kujaza mashimo ya mwaka uliopita.

Wadi yetu ndogo kabisa ina 46, hatuna namba ndogo popote. Tuko salama?

Kwenye jedwali, ndiyo. Kwenye tofauti, hapana. Jumatatu wadi A ilikuwa 46, Jumanne ni 47. Ile 1 haijaandikwa popote lakini umeitoa. Na kama dashibodi ina kichujio cha jinsia na umri, mtu anabonyeza anaona ni upande wa wanawake wa miaka 60 na zaidi ndio umesogea, basi tumerudi kwa shosho wa swali la kwanza, na mara hii hata tarehe anayo.

Kwa hivyo kizingiti kinatumika mara mbili: kwa namba yenyewe, na kwa mabadiliko kutoka toleo lililopita. Hii unaipima kwenye namba halisi, ndani, kabla ya kuachilia chochote:

```sql
SELECT m.wadi, m.idadi - z.idadi AS tofauti
FROM toleo_jipya m
JOIN toleo_lililopita z USING (wadi)
WHERE ABS(m.idadi - z.idadi) BETWEEN 1 AND 9;
```

`ABS` iko hapo kwa sababu namba pia hushuka: mtu alirekodiwa wadi A, wakagundua anaishi C, A inapungua moja na C inapanda moja, na anayefuatilia anaona mtu akihama.

Safu zikitoka kwenye hiyo hoji una njia mbili za kweli. Ama toleo hilo wadi hiyo ibaki na namba ya zamani hadi mabadiliko yafike 10, na uandike wazi namba hiyo ni ya tarehe gani. Ama upunguze kasi. Ukweli ni kwamba dashibodi nyingi zinaapdetiwa kila siku kwa sababu seva inaweza, hakuna mtu anayefanya uamuzi wa kila siku kwa kuangalia kifua kikuu cha wadi moja. Robo mwaka inatosha kwa wadi, kila mwezi kwa kaunti nzima.

Tukikadiria kila namba hadi 5 iliyo karibu, hatujamaliza?

Kukadiria kunasaidia sana kama unaapdeti mara chache. Ukiapdeti kila siku kuna mtego mmoja mtamu. 43, 44, 45, 46, 47 zote zinaonekana 45. Inaporuka kuwa 50, msomaji wa jana anajua jana ilikuwa 47 ama chini na leo ni 48 ama zaidi. Wagonjwa wakija mmoja mmoja, siku ya kuruka inakuambia namba kamili: 48. Ukiapdeti kila robo mwaka, kuruka kutoka 45 hadi 60 hakukuambii chochote cha mtu mmoja.

Na ukadirie jumla peke yake kutoka kwa namba halisi, usijumlishe zilizokadiriwa. Jumla haitalingana na wadi na mtu atalalamika, weka sentensi moja chini ya jedwali kueleza.

Tukifuta toleo la zamani, nani atalinganisha?

Skrinshoti za WhatsApp, PDF iliyotumwa kwa kamati, Wayback Machine, mwanahabari aliyedaunilodi CSV mwaka jana. Kilichotoka kimetoka. Panga kama kwamba kila msomaji ana matoleo yote.

## Pale kwenye skrini

Kwenye chati inaandika "imefichwa", hiyo si inatosha?

Inategemea nani ameificha. Kama namba 3 imetumwa hadi kwenye brauza halafu chati ndiyo imeambiwa isiionyeshe, haijafichwa, imefunikwa na leso. Bonyeza F12, fungua `Network`, rifreshi ukurasa, utaona JSON ikishuka na `"idadi": 3` ikiwa wazi. Hali ni hiyo hiyo kwenye Power BI na Tableau: kichujio kwenye chati hakitoi data kwenye modeli iliyo chini yake. Kuficha kufanyike kwenye jedwali kabla halijatoka kwenye seva yenu ya ndani, na dashibodi ya umma isiwe na njia ya kufikia rejista kabisa.

Ukimaliza angalia milango midogo. Asilimia: 2.5% ya 120 ni 3, kwa hivyo seli ikifichwa asilimia yake nayo inafichwa. Kiwango kwa watu 100,000, juu idadi ya wakazi iko kwenye sensa ya 2019 na mtu atazidisha arudi. Kisanduku kinachotokea ukipitisha mshale juu ya ramani. Kitufe cha kudaunilodi, ambacho mara nyingi kinasoma jedwali tofauti na lile la chati, na hakuna anayekumbuka nani alikiweka.

## Kesi za pembeni

Sifuri tunaificha?

Kwa kawaida acha ionekane, haina mtu ndani. Lakini ukionyesha sifuri basi "imefichwa" kwa seli ndogo inamaanisha 1 hadi 9, si 0 hadi 9, lifikirie hilo. Na usimchague sifuri kuwa msindikizaji: jozi ya 3 na 0 ina jumla ya 3, hujasindikiza mtu.

Namba ni kubwa lakini wote wako upande mmoja?

Tuseme makao fulani yana watu 14, wote walipimwa, 14 wamepatikana na ugonjwa. Kumi na nne imepita kizingiti, hakuna seli ndogo, na bado kila anayejua mtu yeyote anayeishi pale sasa anajua hali yake. Hapa kizingiti hakikusaidii kwa sababu tatizo ni kwamba hakuna aliyebaki upande wa pili. Unganisha makao hayo na mengine, ama usitoe matokeo kwa kituo kabisa. Angalia seli zote zenye 100%, na zile zinazokaribia.

Data yetu inatoka KHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, ni jumla tayari, si ya mtu mmoja mmoja. Bado?

Bado. KHIS inapokea jumla za kituo kwa mwezi, na kituo kidogo kinaweza kuripoti 1. Kuwa jumla ni jina tu hapo. Tena kwa sababu huna namba za wagonjwa huwezi kujua watu ni wangapi nyuma ya visiti (rudi kwenye swali la visiti), kwa hivyo panda juu zaidi, usitoe kwa kituo.

Tumeshaapdeti na sasa tumeona namba imevuja. Tufanye nini saa hii?

Kwanza usirekebishe ile seli moja halafu uachilie tena. Toleo la makosa na toleo lililorekebishwa vikiwekwa pamoja vinaonyesha kidole kwenye seli yenyewe. Shusha jedwali lote, ama urudishe ngazi ya kaunti ndogo, weka maelezo mafupi yasiyotaja wadi.

Halafu andika ndani: ilitoka lini, ilikaa saa ngapi, faili ilidaunilodiwa mara ngapi, watu wangapi wanaweza kutambulika. Mpigie afisa wenu wa ulinzi wa data siku hiyo hiyo, si baada ya mkutano wa Jumatatu, kwa sababu kama kuna hatari ya kweli ya mtu kudhurika sheria inawapa saa 72 tangu mlipojua kumwarifu Kamishna wa Data. Saa zinahesabiwa hata wikendi.

Na ile jozi iliyovuja isirudi na msindikizaji yule yule kwenye toleo linalofuata. C akishajulikana, E naye amejulikana kwa kutoa, kwa hivyo mwaka huo wote hizo wadi mbili ziunganishwe ziwe safu moja.